Fatiha kwa watoto wa Leicester kila Jumamosi, lugha mbili: kianze Kiswahili au Kiingereza?

#1 MwalimuMagomeni

Wakuu, salaam. Naomba mawazo ya wenye uzoefu wa kusomesha.

Familia tano za Watanzania walioko Leicester, Uingereza, zimeniomba niwasomeshee watoto kila Jumamosi kwa vidio, mimi nikiwa hapa Magomeni. Watoto ni 11, mdogo ana miaka 6, mkubwa 13. Katikati ya wiki wakitoka shule wanakwenda madrasa ya mtaani kwao, walimu wa kule wengi asili yao Pakistani. Kwangu wazazi wanataka vitu viwili tu: watoto waelewe wanachokisoma, na Kiswahili cha dini kisiwapotee.

Nimeanza na Suratul Fatiha kwa sababu wote wameihifadhi. Ukiwauliza maana yake wanakwambia "ni ile ya kusalia". Mpango wangu ni aya moja kila Jumamosi. Nasoma aya, naeleza kwa Kiswahili, kisha naeleza yale yale kwa Kiingereza. Wiki mbili zimepita na naona hakijashika kitu. Wakubwa wananiangalia tu, wadogo wanachezea kalamu. Je, nigeuze, Kiingereza kitangulie? Au Kiswahili niache kabisa nibaki na dua na kaswida?

#2 Shangazi_Tandika

Waaleikum salaam ustadh. Usithubutu kutanguliza Kiingereza. Kiswahili kina bahati ambayo Kiingereza hakina, maneno yenyewe tumeyachukua huko huko. Mtoto akijua rehema ameshajua Rahmani na Rahimu. Akijua kuabudu, neema, ghadhabu, kuhimidi, nusu ya Fatiha anayo mdomoni tayari. Wewe mpe Kiswahili, Kurani itajifungua yenyewe. Hao wa Kiingereza inabidi wafundishwe kila neno kuanzia moja.

#3 Mzee_wa_Gerezani

Shangazi nusu nakubali, nusu nakurudishia. Maneno uliyotaja ni sahihi yote, na ongeza "ihdina" ambayo mtoto ataikuta kwenye hidaya. Lakini sura hiyo hiyo ina mitego mitatu inayomnasa mtoto anayejua Kiswahili peke yake.

Wa kwanza ni "yaumi ddin". Mtoto wa Kiswahili atakujibu bila kufikiri kwamba ni siku ya dini. Pale ni malipo, siku ya kulipwa kila mtu alichofanya. Asiyejua Kiswahili hana kosa hilo, kwa sababu hana neno la kumdanganya.

Wa pili ni "na'budu", na huu hata watu wazima wamo. Sikio letu linasikia "naabudu", yaani mimi, peke yangu. Ile "na" ya Kiarabu ni sisi. Kazi yake ni kazi ya "tu" kwenye "tunaabudu". Na "nasta'in" ni hivyo hivyo. Mtoto akilikosea hili anapoteza kitu kikubwa, maana hata anayesali peke yake chumbani anasema kwa niaba ya wengi.

Wa tatu uko mwisho, "waladhalin". Waulize watoto wa Dar ni akina nani hao, watakwambia madhalimu. Siyo. Ni waliopotea. Kisa ni kwamba Kiswahili kimezichukua herufi tatu za Kiarabu, dhali, dhadi na dhaa, kikazitia zote kwenye "dh" moja. Dhambi, Ramadhani na adhuhuri tunaziandika sawa, na kila moja ina herufi yake kule zilikotoka. Dhalimu ni dhaa, dhalin ni dhadi.

Kwa hiyo Kurani haijifungui yenyewe. Inafunguka mlango mmoja, kisha inakupeleka chumba kisicho chako.

#4 KijanaSinza

Mzee wa Gerezani leo kaamka na wino 😂 Mimi waladhalin nilijua madhalimu tangu chuoni mpaka leo asubuhi.

Ila kwa mada ya watoto wa wahamiaji, hapa Dar mbona wapo wengi? Wakongo wa Kigogo na Mabibo, watoto wao nyumbani wanaongea Kilingala na Kifaransa. Dawa ni kuwachanganya na wenzao wa mtaani, miezi mitatu tu Kiswahili kinapanda. Mwalimu asihangaike na ratiba.

#5 MwalimuMagomeni

KijanaSinza, umesoma kichwa cha uzi kweli? Hao wangu wako Leicester, mtaani kwao wanachanganyika na Kiingereza na Kigujarati. Hakuna Kiswahili cha kupanda pale nje ya sebule ya mama yao.

Mzee, hilo la "na" limenipiga. Watatu kati ya 11 walinijibu "I worship", nikadhani ni uzembe wa Kiingereza.

#6 BintiUpanga

Mwalimu, tatizo lako halipo kwenye lugha ipi itangulie. Lipo kwenye "naeleza yale yale". Ukisema jambo kwa Kiswahili kisha ukalirudia lote kwa Kiingereza, watoto wanajifunza haraka sana kwamba wakivumilia dakika tatu maelezo yatakuja kwa lugha wanayoipenda. Kwa hiyo Kiswahili kinakuwa muda wa kuchezea kalamu. Hata ukigeuza ukatanguliza Kiingereza, mambo ni yale yale: watasikiliza mwanzo, watatoka mwisho.

Gawa kazi, usigawe maelezo. Kila lugha iwe na shughuli yake ambayo haitarudiwa kwa nyingine. Kwa mfano amri zote za darasa na kutafuta maneno yanayofanana iwe Kiswahili tu, halafu mtoto kueleza aya kwa maneno yake iwe Kiingereza tu. Wa miaka 12 ana maswali mazito, kwa nini tuombe kuongozwa kama tayari ni Waislamu, na hana Kiswahili cha kuuliza hilo. Ukimlazimisha aulize kwa Kiswahili hatauliza.

#7 Msharika_Kijitonyama

Mimi ni Mlutheri, mniwie radhi kwa kuingia baraza la wenyewe, ila alichosema BintiUpanga tunakifahamu sana kwenye mafundisho ya kipaimara kwa watoto wa sharika za Waswahili huko nje. Katekisimu Ndogo ya Luther ni ya 1529, maswali na majibu mafupi, na tulikuwa tunasoma jibu kwa Kiswahili halafu kwa Kiingereza. Watoto walihifadhi la Kiingereza tu.

Na mitego ipo kwetu pia. Kwenye Baba Yetu sisi tunasema "ufalme wako uje", Wakatoliki "ufalme wako ufike", na wao wanamalizia "utuopoe maovuni". Mtoto aliyezaliwa ughaibuni kuopoa hajawahi kukusikia popote. Akienda ibadani na binamu yake Mkatoliki anadhani kakosea sala nzima. Tukaona heri tumwonyeshe ndoo inavyoopolewa kisimani kuliko kutafsiri.

#8 Shangazi_Tandika

Msharika karibu sana, baraza ni la wote. Mwambie mwalimu hapo, kisima anacho Magomeni, hao wa Leicester wana bomba 😄

#9 Fundi_Masafa

Kuhusu vidio, mnasahau jambo moja. Kusoma kwa pamoja, ile ya mwalimu anasoma na chuo kizima kinaitikia, hapa haifanyi kazi. Sauti za nyumba tano zinafika kwa kuchelewa tofauti tofauti, unapata vurugu, na programu yenyewe inachagua sauti moja inakata nyingine. Wote wazimwe sauti, waitikie kwao, wewe uwaone midomo. Kisha fungua mmoja mmoja.

La pili, programu hizi zina kichuja kelele. Sauti ndefu isiyobadilika kinaidhania ni feni. Mtoto akivuta "waladhaaalin" harakati sita, wewe unasikia mbili halafu kimya, unamkosoa bure. Kama ni Zoom, ingieni kwenye mipangilio ya sauti, washeni `Original sound for musicians`, kwako na kwa mtoto anayesoma. Mtoto avae hedifoni, la sivyo sauti yako itamrudia kama mwangwi.

Na kama hulipii, kikao kinakatika dakika ya 40. Usipange dakika 80 mfululizo.

#10 MwalimuMagomeni

Fundi, hiyo ya kuvuta! Kuna binti mmoja nimemrudisha "waladhalin" mara saba wiki iliyopita mpaka akanuna. Ngoja niwashe hicho kitu kabla ya kumwomba radhi, nijue kwanza nani mwenye kosa.

#11 Ustadh_Mbagala

Ndugu yangu, kabla ya Kiswahili na Kiingereza, jua kwamba hao watoto wana lugha ya tatu kichwani. Madrasa yao ya katikati ya wiki inatumia majina ya Kiurdu. Wewe ukisema fataha, kisra, dhumma, wao wamezoea zabar, zer, pesh. Unamwambia "tia kisra" anakutazama, unadhani hajui kusoma, kumbe hajui jina lako la alama. Na udhu kwao ni wuzu, Ramadhani ni Ramzan, sala ni namaz. Shuleni kwao tena wanaandikiwa Ramadan. Neno moja kwa midomo mitatu.

Tengeneza karatasi moja tu, aibandike ukutani. Alama ichorwe kubwa, chini yake jina la kwetu, na chini yake jina la kule. Usiwaambie la kule ni baya, utamaliza dakika 20 za kila wiki kugombana na mwalimu asiyekuwepo.

Halafu kuna la madhehebu. Sisi huku ni Mashafii, walimu wao bila shaka Mahanafi. Kwetu Bismillahi ni aya ya kwanza ya Fatiha na tunaidhihirisha kwenye sala ya sauti. Kwao si aya ya Fatiha, wanaisoma kimya, na ili zitimie saba wanaigawa ile ndefu ya mwisho, wanakata kwenye "an'amta alaihim". Wewe umepanga aya moja kila Jumamosi. Ukisema "leo aya ya tano", nusu ya darasa wataangalia iyaka na nusu wataangalia ihdina. Taja aya kwa neno lake la kwanza, usitaje namba.

#12 KijanaSinza

Hapo kwenye namba tu ningeshapiga mtu kofi.

#13 Shangazi_Tandika

Naomba kuuliza, tafsiri ya kutumia si ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ya 1995? Iko wazi na ina maelezo chini.

#14 Mzee_wa_Gerezani

Shangazi umezichanganya. Ya Sheikh Farsy ilitoka kamili 1969. Ya 1995 ni ya Sheikh Ali Muhsin Barwani. Zote nzuri kwa mwalimu, ila usimsomee mtoto wa miaka saba tafsiri ya kitabu moja kwa moja. Kile ni Kiswahili cha Unguja cha watu wazima, mtoto wa Leicester atalala. Mwalimu asome, ameze, aseme kwa maneno ya nyumbani.

Sasa mwalimu, chukua somo moja nikupangie, hiyo "Iyyaka na'budu wa iyyaka nasta'in". Vikao viwili vya dakika 35, katikati mapumziko ya dakika 10, hapo hata Fundi hatakukatia.

Kikao cha kwanza hakuna maana hata moja, ni ulimi tu. Dakika tano za mwanzo warudie aya za nyuma. Kisha soma yako mara tatu, taratibu, wao wamezimwa sauti. Kazi ya leo ni shada ya "iyya". Fatiha kwa hesabu yetu ina shada 14, na mbili ziko hapa. Mtoto anayekua kwa Kiingereza anailegeza, anasema "iyaka", na vitabu vya fiqhi ya Kishafii vinalitaja kosa hili hasa kwa sababu "iyaka" bila shada ni neno jingine, mwanga wa jua. Mwambie abane ulimi, ahesabu pigo moja kwenye "y" kabla ya kuachia. Kisha kila mtoto mara mbili. Watoto 11, dakika mbili kila mmoja, hiyo ni 22. Anayesubiri awe na kazi, ahesabu kwa vidole shada za mwenzake, vidole viwili vikitimia anyooshe mkono kwenye kamera. Ain ya "na'budu" usiifuatilie leo. Ukikosoa vitu viwili kwa mpigo hakishiki hata kimoja.

Kikao cha pili ndipo lugha zinaingia. Kiswahili kitangulie, dakika kumi, mchezo wa kuwinda. Waulize, ndani ya "na'budu" mnasikia neno gani la nyumbani? Watakwambia abudu, ibada. Vizuri. Hapo hapo tegua ule mtego. Andika "naabudu" na "tunaabudu", waulize ipi inafanana na ya aya. Wote watachagua ya kwanza. Waambie ni ya pili, kisha uliza kwa nini aliye peke yake aseme "sisi". Usijibu. Kwenye "nasta'in" hawatapata kitu, tumpe "msaada" tu. Lipo "auni", lakini hilo hata Gerezani limebaki kwa wazee.

Baadaye waonyeshe mpangilio. Kiarabu kimemtanguliza anayeabudiwa kabla ya kitendo, ndiyo maana inakuwa Wewe tu, si mwingine. Kiswahili kinafuata bila kuteguka: "Wewe tu tunakuabudu". Ukimwachia mtoto ageuze kwa Kiingereza chake cha kawaida atasema "we worship you", na ile "tu" imeanguka njiani. Hapo ndipo utajua nani kaelewa.

#15 BintiUpanga

Mpango mzuri, ila mzee dakika zako kumi za Kiswahili zinafaa kwa familia zinazoongea Kiswahili nyumbani. Mtoto ambaye mama yake anamjibu Kiingereza hana "abudu" ya kuiwinda. Hatakwambia hana, atasubiri mwenzake ajibu kisha aitikie. Ukimwangalia utaona midomo inachelewa nusu sekunde kila mara.

Ningemshauri mwalimu awapime kwanza. Kila mtoto peke yake, mzazi akiwa kando, aonyeshwe maneno 12 ya Kiswahili ya kawaida: rehema, neema, adhabu, sadaka, dhambi na kadhalika, aseme maana kwa lugha yoyote. Anayepata nane na zaidi aende njia ya mzee. Anayepata matatu aanze kwa Kiingereza, Kiswahili kije kama maneno mawili mapya kila wiki, yasizidi. Umri usikudanganye, wa miaka 6 aliyelelewa na bibi anaweza kumshinda wa 13.

#16 Mzee_wa_Gerezani

Ukiwagawa hivyo, wale wa Kiingereza hawatavuka kamwe kuja upande wa pili. Mtoto hujifunza neno kwa kumwonea wivu mwenzake aliyelijua. Wachanganye.

#17 BintiUpanga

Au hujifunza kunyamaza. Nimeona zaidi hilo.

#18 Ustadh_Mbagala

Ninyi wawili mtabishana mpaka maulidi. Mimi sikubaliani na yeyote hapo. Tatizo si Kiswahili ni kwamba mtoto anasikia Fatiha mara 17 kwa siku kwenye faradhi tu, kama anasali zote, na hakuna mtu nyumbani anayeizungumza. Mzazi apewe swali moja la wiki, Jumapili wakati wa chai, kwa lugha ya nyumba ile. Bila hivyo hata ukigawa vikundi kumi.

Na msiache kumwambia mapema kwamba nyuma ya imamu sisi tunasoma Fatiha, na wenzetu Mahanafi wanamsikiliza tu. Akiligundua mwenyewe msikitini atadhani mmoja wenu ni mwongo.

#19 Shangazi_Tandika

Ustadh Mbagala hapo kwa mzazi umegonga. Wengine wanalipia darasa ili wao wakalale.

#20 Fundi_Masafa

Mwalimu, na saa umezipanga vipi? Kule saa zinasogezwa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba, huku hatusogezi. Kipindi cha baridi tunawatangulia saa tatu, cha joto saa mbili.

#21 MwalimuMagomeni

Tunaanza saa nne asubuhi ya kwao. Sasa hivi kwangu ni saa saba mchana, adhuhuri nimeshaisali.

#22 Fundi_Masafa

Basi ikifika Aprili saa nne yao itakuwa saa sita kamili ya Dar. Adhuhuri ya hapa miezi hiyo inaingia kama saa sita na nusu kasoro, itakukuta katikati ya kikao cha kwanza. Bora ushikilie saa saba ya Dar mwaka mzima, wao wahamie saa tano. Usikubali wakikwambia mchana ni bora. Desemba kule jua linazama kabla ya saa kumi jioni, alasiri na magharibi zinafuatana kama treni, hutapata dakika 80 tupu.

#23 KijanaSinza

Halafu tangazo la saa mwalimu usiandike wewe. Mtoto wa Leicester ukimwandikia "saa nne" atakuja saa kumi jioni na daftari lake.

#24 MwalimuMagomeni

😂😂 Hilo limeshatokea Jumamosi ya kwanza. Wawili walijiunga mimi niko kwenye daladala narudi kutoka Kariakoo.

Ahsanteni wote. Jumamosi hii nawapima maneno 12 ya BintiUpanga, ila siwagawi bado, nafuata kikao cha mzee kwanza nione midomo ya nani inachelewa. Karatasi ya zabar na zer nimeshaichora. Ustadh Mbagala, nikuulize: lile swali la "kwa nini aseme sisi" nikiwapelekea wazazi Jumapili, na baba mmoja akanipigia kuuliza jibu, nimpe?

#25 Ustadh_Mbagala

Muulize kwanza yeye anaelewaje.

#26 KijanaSinza

Na akisema madhalimu mpeni namba yangu.